Mifuko 24 ya Saruji Imekwenda Wapi?

Simu inayomkosesha usingizi mwenye nyumba ni ile ya jioni ya siku ya kumwaga zege: "Mama, saruji imeisha na slabu haijakamilika." Anayeipokea yuko Dodoma kazini, nyumba iko Kigamboni, na juma lililopita alilipia mifuko 150 baada ya foremani huyu huyu kumhakikishia kwamba inatosha. Wazo la kwanza linalomjia ni kwamba ameibiwa. Wakati mwingine ni kweli, maana saruji ni mali inayobebeka na wanunuzi wake hawako mbali. Lakini mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri, saruji hiyo haijatoka saiti. Iko ndani ya slabu, imemezwa na unene ambao haumo kwenye mchoro.

Ninaandika kwa ajili ya hali hii ya pili kwa sababu naiona ikiharibiwa na pande zote mbili. Foremani hujieleza kwa mdomo na kwa viapo, mwenye nyumba husikiliza kwa hasira, na hesabu ambayo ingemaliza ubishi kwa dakika kumi haifanywi na yeyote. Baada ya siku tatu foremani anafukuzwa au anasamehewa, na katika hali zote mbili slabu nene inabaki pale juu bila mhandisi kuambiwa chochote. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua zaidi.

Tuchukue nyumba ya ghorofa moja, slabu yake ikiwa na mita za mraba 120 baada ya kutoa tundu la ngazi. Mchoro unataka unene wa sentimita 15. Bimu zimehesabiwa kando na saruji yake iko kando. Zege ni la kipimo cha saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Yaani kila mfuko wa kilo 50 unakwenda na ndoo mbili na nusu hivi za mchanga na ndoo tano na kidogo za kokoto, ndoo zile za lita 20. Kwa kipimo hicho, mita moja ya ujazo ya zege hula mifuko kama 8. Mita 120 za mraba kwa sentimita 15 ni mita za ujazo 18, sawa na mifuko 144. Foremani akaongeza mifuko 6 ya kumwagika na kupasuka, ikawa 150. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo penye fumbo kwa mwenye nyumba, kwa kuwa hesabu sahihi imezaa upungufu wa mifuko 24.

Jibu lilikuwa limepigiliwa misumari ukingoni mwa fomu tangu Ijumaa. Mahali bimu mbili zinapokutana, nondo za juu za bimu ya kwanza hupita chini ya nondo za juu za bimu ya pili, ringi zinazizunguka zote, kisha nondo za juu za slabu hulazwa juu ya hayo yote. Mchoraji huchora kila bimu peke yake kwenye karatasi yake, na kwenye karatasi kila kitu kinaenea. Saitini, vyuma vinavyopandana katika kona moja vinaweza kuzidi kimo kilichochorwa kwa sentimita mbili bila mfunga nondo kukosea hata kidogo. Ndivyo ilivyotokea hapa. Fundi alipoweka pima maji akaona chuma kitabaki wazi, naye anajua kwamba chuma kikibaki wazi kitashika kutu. Akachukua vipande vya mbao vyenye kimo cha sentimita 2, akavipigilia juu ya ubao wa ukingo kuizunguka slabu nzima, akahamishia usawa mpya kila upande kwa mpira wa maji. Kona mbili tatu zilizokuwa na shida zikaipandisha sakafu yote.

Sababu ya pili ilikuwa chini, mahali asipotazama mtu siku ya zege. Upande wa sebule mirunda ilisimamishwa juu ya kifusi kilichojazwa bila kushindiliwa vizuri, na chini ya kila mrunda hapakuwekwa kipande cha ubao cha kutawanya uzito. Zege lilipopanda, mirunda ikazama taratibu na fomu ikashuka katika eneo la mita za mraba kama 20. Mafundi wa juu hawakuona kitu. Wao wanavuta bapa kwa usawa uliowekwa, na tumbo linalojitokeza chini linajazwa bila kelele.

Foremani wa aina ninayemtaka hampigii simu mwenye nyumba na kusema tu saruji imeisha. Jioni ile ile anaandika hivi:

"Mama, shikamoo. Hii ni taarifa ya zege la slabu, leo Jumamosi. Mchoro unasema unene wa sentimita 15. Nimetumbukiza nondo yenye alama katika sehemu 12 zege likiwa bichi, na wastani ni sentimita 17.5. Usawa wote ulipandishwa sentimita 2 ili kufunika nondo zilizopandana kwenye makutano ya bimu. Kwa mita za mraba 120, hiyo ni mita za ujazo 2.4, sawa na mifuko 19. Upande wa sebule fomu ilishuka kama sentimita 3 kwenye mita za mraba 20, hiyo ni mita za ujazo 0.6, sawa na mifuko 5. Jumla ni mifuko 24. Tumetumia yote 150 na zimebaki mita za mraba 17 upande wa nyuma. Tumesimamisha zege kwa ubao wima katikati ya nafasi ya bimu na bimu, nondo zimepita. Kokoto na mchanga navyo vimekwisha, picha ya mahali palipokuwa na malundo naambatisha. Mifuko mitupu 150 iko stoo. Naomba tusimwage kipande kilichobaki mpaka injinia aone, kwa sababu slabu imekuwa nzito kuliko alivyoihesabu. Kupandisha usawa nilipaswa kukuuliza wewe na yeye kabla, sikufanya hivyo."

Taarifa hii ni fupi, inasomeka kwenye simu, na kila namba iliyomo inaweza kukaguliwa na mtu aliyeko Dodoma ambaye hajawahi kushika mwiko. Aanze na unene. Sentimita moja juu ya mita za mraba 120 ni mita za ujazo 1.2, yaani mifuko kama 10 kasoro kidogo. Akishaipata namba hiyo moja ya slabu yake, ana kipimo cha kila maelezo atakayopewa. Foremani akidai mifuko 24 kwa slabu iliyozidi sentimita moja, mifuko 14 haina mahali ilipokwenda. Akidai mifuko 24 kwa sentimita mbili na nusu, hesabu inakutana.

Kisha aulize kuhusu kokoto. Hapa naomba wenye nyumba wanisikilize vizuri, kwa sababu wengi huhesabu mifuko mitupu wakadhani wamemaliza kazi. Mfuko mtupu hauwezi kukuambia saruji yake ilimwagwa wapi. Kokoto inaweza, kwa kuwa zege halikubali kuongezeka kwa saruji peke yake. Mita za ujazo 3 zilizozidi zinahitaji kokoto mita za ujazo mbili na nusu na mchanga mita moja na robo, nje ya ule uliopigiwa hesabu. Hilo ni lundo la kuonekana kwa macho. Kama slabu kweli ilinenepa, kokoto itaisha sambamba na saruji, na slabu haitakuwa imekamilika. Kama saruji imeisha huku lundo la kokoto likiwa limebaki kama lilivyopaswa kutosha kipande cha mwisho, basi ama saruji imetoka kwa njia nyingine, ama wachanganyaji wamepima kokoto kidogo kwa kila mfuko. La pili hutokea sana pale wanapoacha ndoo na kupima kwa beleshi baada ya kuchoka, kwa hiyo hata hapo usikimbilie neno wizi. Uliza kwanza walipima kwa nini.

Unene wenyewe pia unathibitika baada ya zege kukauka. Tundu la ngazi lina kingo nne zilizo wazi, matundu ya mabomba ya choo yanapitisha rula, na ukingo wa nje fomu ikivuliwa hausemi uongo. Mtume ndugu unayemwamini na rula, apige picha. Foremani mkweli hatachukizwa na jambo hilo. Lile tumbo la sebuleni litapimwa kwa kuvuta uzi chini ya slabu kutoka bimu hadi bimu baada ya mirunda kutolewa.

Kuna swali moja ambalo taarifa ile haikulijibu na mwenye nyumba ana haki ya kuliuliza: kwa nini habari imefika jioni? Mifuko 150 kwa mita za mraba 120 maana yake nusu ya saruji, mifuko 75, ilitakiwa kujaza nusu ya slabu, mita za mraba 60. Kwa unene uliomwagwa, mfuko wa 75 ulikuta wamejaza karibu mita 52 tu. Tofauti ya mita 8 za mraba ni ukubwa wa chumba kidogo, haihitaji kifaa kuiona, na wakati huo bado ni mchana na maduka ya vifaa yako wazi. Foremani akipiga mstari wa rangi kwenye ubao wa ukingo, robo, nusu na robo tatu, na mtunza stoo akaita idadi ya mifuko kila mstari unapofikiwa, upungufu unajulikana zege likiwa bado linamwagwa. Saruji inaagizwa na slabu inakamilika kwa mkupuo mmoja. Sijaona sababu ya saiti yoyote kukosa mistari hiyo mitatu.

Nasema hivi kwa kuwa hatari kubwa ya upungufu wa jioni si fedha. Mifuko ikibaki mitano na slabu ikiwa na mita 20 wazi, kishawishi cha kwanza ni kuongeza kokoto na maji ili mitano ifanye kazi ya ishirini na nane. Slabu inakamilika, mwenye nyumba anafurahi, na kipande kile kinabaki na nguvu ndogo kuliko vingine bila mtu kujua kilipo. Kishawishi cha pili ni kusimama popote saruji ilipoishia, zege likiachwa limeteremka kama mchanga wa ufukweni, mara nyingi karibu na bimu ambako nguvu za kukata ni kubwa. Foremani wetu alisimamisha kwa ubao wima katika theluthi ya kati, akaacha nondo zipite. Kabla ya kumwaga kilichobaki, uso ule utaparuzwa hadi kokoto zionekane, utasafishwa kwa maji na kupakwa uji wa saruji. Kwa uamuzi huo peke yake anastahili kusikilizwa kwa heshima, hata kama ana makosa mengine.

Sasa tuje kwenye uzito. Mafundi wengi, na wenye nyumba wengi zaidi, huamini kwamba unene uliozidi ni faida: umelipia saruji, umepata nguvu. Kwa slabu inayoning'inia juu ya bimu imani hiyo ni ya hatari. Mita ya ujazo ya zege ina uzito wa kama kilo 2,400, kwa hiyo kila sentimita inayoongezeka inaongeza kilo 24 kwa kila mita ya mraba. Sentimita mbili na nusu ni kilo 60. Nyumba ya kuishi kwa kawaida huhesabiwa kubeba watu na fanicha za kilo 150 kwa mita ya mraba, kwa hiyo unene ule umeshakula sehemu ya uzito inayolingana na zaidi ya theluthi ya mzigo huo kabla kitanda cha kwanza hakijapandishwa. Kwa slabu nzima ni zaidi ya tani 7, ambazo bimu, nguzo na misingi haikuambiwa.

Tena unene wa juu hauwapi nondo kazi bora kila mahali. Nondo za juu, zile zinazopita juu ya bimu, ndizo zinazozuia slabu isipasuke kwa juu mahali inapoegemea. Mahali ambapo hazikupandana, zilikaa kwenye kimo chao cha kwenye mchoro, na sasa zimefunikwa na zege la sentimita 4 na nusu badala ya 2 na nusu. Chuma kiko mbali zaidi na uso unaovutwa, na nyufa za juu zikija zitakuwa pana zaidi. Mhandisi huenda akapiga hesabu akaona kila kitu bado kinabeba, maana wengi huacha akiba. Lakini hesabu hiyo ni yake, aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na aliyetia sahihi mchoro. Foremani hawezi kuipiga kwa niaba yake, na mimi pia siwezi kuipiga gazetini.

Kinachonifanya nisisitize taarifa ya siku ile ile ni kwamba ikifika mapema, makosa haya yana dawa nzuri. Juu ya slabu bado kutakuja sakafu ya mchanga na saruji kabla ya vigae. Tuseme ilipangwa iwe ya sentimita 5. Slabu imepanda sentimita 2. Mhandisi akikubali, sakafu ile inashushwa hadi sentimita 3, na usawa wa mwisho unarudi pale pale ulipochorwa. Uzito wa zege lililopanda unafidiwa kwa sehemu kubwa, kwa kuwa sentimita 2 za mchanga na saruji ni kama kilo 40 kwa mita ya mraba. Ngazi nayo inaokoka. Bila marekebisho hayo kipandio cha mwisho kingezidi vingine kwa sentimita 2, na mguu uliozoea kimo kimoja hujikwaa kwa tofauti hiyo. Na saruji? Sentimita 2 za sakafu kwenye mita za mraba 120 ni mita za ujazo 2.4, kwa mchanganyiko wa moja kwa nne, hiyo ni mifuko kama 18 ambayo haitanunuliwa tena. Mwenye nyumba aliyekuwa analilia mifuko 24 anajikuta, nyumba ikikamilika, amepoteza kama 6.

Taarifa ikichelewa mwezi mmoja, fundi wa sakafu atakuwa ameshamwaga sentimita zake 5 kama alivyoambiwa. Uzito utakuwa umejumlishwa juu ya uzito, kipandio kitakuwa kimeharibika, na mifuko ile 18 imekwenda.

Linabaki swali la nani alipe. Katika kazi ya mkandarasi mwenye mkataba kamili, zege hupimwa kwa vipimo vya mchoro, na kilichozidi ni hasara yake isipokuwa ana maagizo ya maandishi. Lakini nyumba nyingi tunazojenga ni za mkataba wa ufundi tu: mwenye nyumba ananunua vifaa, fundi analipwa mikono yake. Mkataba wa namna hiyo haumlindi mwenye nyumba, na mara nyingi haujaandikwa popote. Kwa maoni yangu mifuko 5 ya sebuleni ni ya fundi fomu. Kuweka ubao chini ya mrunda na kushindilia kifusi ni kazi yake ya kila siku, na malipo yake yapunguzwe kwa kiasi hicho. Mifuko 19 ya kupandisha usawa ailipe mwenye nyumba, kwa sababu vyuma kupandana ni tatizo lililozaliwa kwenye mchoro, na sehemu kubwa ya mifuko hiyo inamrudia kwenye sakafu. Foremani aonywe kwa maandishi kwa kubadilisha usawa bila kuuliza. Kumfukuza itakuwa makosa, kwa kuwa foremani anayekuja baada yake atajifunza jambo moja tu: kutoandika.

Nawe foremani unayesoma haya, kabla ya slabu yako ijayo mwite mhandisi Ijumaa, nondo zikiwa zimefungwa na zege likiwa bado halijachanganywa. Weka rula kwenye makutano ya bimu mbele yake. Kama chuma kimezidi kimo, mwache yeye aseme kishushwe vipi, na chukua jibu lake kwa maandishi kabla hujapigilia ubao wowote ukingoni.